Shajara ya mradi: kupata mahali pa taswira kwenye picha ya mchoro wa miale iliyopigwa kwa simu

Wanafunzi wangu wa twisheni hunitumia kazi zao kwa simu: wanachora mchoro wa miale daftarini, wanaupiga picha, wanatuma. Nataka njia ya kuchukua picha hiyo peke yake, bila daftari mkononi, na kusema taswira iko wapi kwa kanuni ya lenzi, 1/f = 1/u + 1/v. Naandika hatua kwa hatua ili mwalimu mwingine aweze kuiga. Alama ninazotumia ni zile za shuleni: u ni umbali wa kitu hadi lenzi, v ni umbali wa taswira hadi lenzi, f ni urefu wa fokasi. F ni nukta ya fokasi, moja kila upande wa lenzi, na 2F ni nukta iliyo mara mbili ya umbali huo. Taswira halisi ina v chanya, isiyo halisi ina v hasi.

8 Machi 2025: picha ya kwanza na vipimo vyake

Picha ya majaribio imetoka kwa binti wa kidato cha tatu. Swali: lenzi mbinuko yenye f ya sm 15, kitu chenye urefu wa sm 5 kimesimama sm 22.5 kutoka kwenye lenzi, taswira iko wapi? Amechora kwa kipimio cha sm 1 kwa sm 5, kwenye karatasi isiyo na miraba. Mhimili mkuu upo, F mbili zipo, 2F mbili zipo, na miale miwili: ule sambamba na mhimili unaopinda kwenye lenzi na kupita F, na ule unaopita kitovu cha lenzi bila kupinda. Inakokutana, amechora mshale wa taswira umesimama kichwa chini.

Nimemwomba aitume kama dokumenti. Ikija kama picha ya kawaida hubanwa, na ncha za miale zinakuwa ukungu.

Nimeifungua kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha. Ukipeleka kishale juu ya nukta, chini kushoto mwa dirisha zinatokea namba mbili. Ya kwanza ni umbali kutoka ukingo wa kushoto wa picha, kwa pikseli. Hiyo ya kwanza inatosha. Hata kama mhimili umelala upande kidogo kwenye picha, umbali wote juu yake hupungua kwa uwiano uleule, na kanuni ya lenzi haijali kipimo ni sentimita, pikseli au vidole, mradi u, v na f ziwe katika kipimo kimoja.

Nilichosoma:

kitu 1276, F ya kushoto 1504, kitovu cha lenzi 1904, F ya kulia 2244, taswira iliyochorwa 2791.

Kitovu cha lenzi kinahitaji neno moja. Wanafunzi huchora lenzi nene kama yai, na ukisoma ukingo wa yai unapoteza pikseli nyingi. Soma mahali mwale usiopinda unapokata mhimili. Hapo ndipo umbali wote unapoanzia, hata kama yai lenyewe limechorwa likaegemea upande mmoja.

9 Machi 2025: F mbili zisizolingana

Kwa namba za jana, kitu kiko pikseli 628 kutoka kwenye lenzi. F ya kushoto iko pikseli 400, F ya kulia iko 340. Kwenye karatasi zilipaswa kulingana, zote sm 3. Simu ilishikwa upande wa kushoto na kuinamishwa, kwa hiyo upande wa kulia wa karatasi ulikuwa mbali zaidi na kamera na umetoka mdogo.

Nilijaribu kwanza kwa f ya kushoto: 1/v = 1/400 − 1/628, v ni pikseli 1102. Taswira iliyochorwa iko pikseli 887. Haikaribii. Kwa f ya kulia, v ni 741. Nayo imekosa, kwa upande wa pili. Nikachukua wastani wa kawaida, 370, na v ikawa 901. Hii imesogea sana, lakini tofauti ya pikseli 14 ni kubwa kuliko upana wa kalamu, ambao kwenye picha hii ni kama pikseli 7.

Kilichofaulu ni kuchukua wastani wa 1/400 na 1/340, sio wa 400 na 340. Kurahisisha kikokotoo nazidisha kila kitu kwa 1000:

1000/400 = 2.5000
1000/340 = 2.9412
wastani = 2.7206, yaani f ya pikseli 367.6

1000/628 = 1.5924
2.7206 − 1.5924 = 1.1282
1000/1.1282 = pikseli 886

Kwenye picha taswira iko 887. Pikseli moja! Nilidhani kazi imekwisha.

10 Machi 2025: kanuni imekubali, jibu limekataa

Kazi haikuwa imekwisha. Binti naye alikuwa amejaribu kupima picha yake kwenye skrini, akaniandikia: "Mwalimu, nimehakiki kwa fomula imekubali kabisa, mbona kitabu kinasema 45?"

Hesabu yake ilikuwa hii. f ya pikseli 367.6 ni sm 15, basi pikseli moja ni sm 0.0408. Kitu kiko 628 × 0.0408 = sm 25.6. Taswira iko 887 × 0.0408 = sm 36.2. Anahakiki: 1/25.6 + 1/36.2 = 0.0667, na 1/15 = 0.0667. Imekubali. Lakini swali lenyewe linasema kitu kiko sm 22.5, na jibu ni sm 45.

Ukuzaji nao unamuunga mkono. Kwa umbali, 887/628 ni 1.41. Akapima urefu wa mishale kwenye picha: kitu pikseli 166, taswira pikseli 235, na 235/166 ni 1.42. Njia mbili tofauti, jibu moja, na jibu lenyewe si sahihi. Ukuzaji wa kweli ni 45/22.5, yaani 2.

Hapa ndipo penye kiini cha mradi mzima, kwa hiyo nakaa hapa kidogo.

Kamera ikiinama, nukta zilizo kwenye mstari mmoja hubaki kwenye mstari mmoja, ila nafasi kati yao hazibaki sawia. Upande ulio karibu hutanuka, wa mbali hubanana, na kadiri unavyosogea ndivyo unavyozidi kubanana. Kwa umbali wenyewe mabadiliko hayo yanasumbua kuyashika. Kwa 1 gawanya kwa umbali, ni mepesi mno: ukianzia kwenye lenzi, kila 1/umbali wa upande mmoja hupunguziwa kiasi kimoja kisichobadilika, na kila 1/umbali wa upande wa pili huongezewa kiasi hichohicho. Kiasi hicho nakiita b. Kitu kikiwa kushoto na taswira kulia, 1/u imepungukiwa b na 1/v imezidi b. Ukijumlisha, b zinafutana. Ndiyo maana kanuni ya lenzi inapona kwenye picha iliyoinama vibaya kiasi chochote, mradi f itokane na wastani wa 1/f za pande zote mbili, kwa kuwa hapo pia b zinafutana.

Na ukuzaji? Mwale unaopita kitovu cha lenzi ni mstari mnyoofu kwenye karatasi na ni mstari mnyoofu kwenye picha. Simu ikiwa imegeuzwa upande tu, mishale miwili inabaki imesimama wima, pembetatu mbili zinabaki zinafanana, na uwiano wa urefu lazima ulingane na uwiano wa umbali. Unalingana kwenye picha. Haina maana kwamba unalingana na karatasi.

Kwa hiyo uhakiki wote ambao mwanafunzi amefundishwa kuufanya utapita kwenye picha iliyoinama, na hautamwambia kwamba imeinama. Kinachomwambia ni kitu kimoja: umbali wa F mbili kutoka kwenye lenzi haulingani. 400 na 340.

15 Machi 2025: kuinyoosha picha kwa F mbili

Niliwaza kutumia zana ya kunyoosha picha kwa pembe nne za karatasi. GIMP inayo, na inafanya kazi, lakini pembe nne hazionekani mara nyingi. Wanafunzi hukata picha ikabaki mchoro tu. Baada ya ugunduzi wa tarehe 10 sikuona haja. F mbili zinatosha kutoa b.

b ni nusu ya tofauti ya vinyume viwili: (2.9412 − 2.5000) ÷ 2 = 0.2206. Upande wa kushoto umepungukiwa kiasi hicho, wa kulia umezidi. Basi rudisha:

Kitu, kushoto: 1.5924 + 0.2206 = 1.8130. Gawanya kwa 2.7206, unapata 0.6664. Hii ni f/u. Kwa hiyo u = 15 ÷ 0.6664 = sm 22.5.

Taswira, kulia: 1.1282 − 0.2206 = 0.9076. Gawanya kwa 2.7206, unapata 0.3336. v = 15 ÷ 0.3336 = sm 45.0.

Ukuzaji, 45.0/22.5, ni 2. Urefu wa taswira ni sm 10. Urefu siupimi tena kwenye picha: simu ikiinamishwa na juu-chini pia, mishale nayo hulala, na kuisahihisha kunahitaji zaidi ya F mbili. Hesabu ya mhimili haiathiriki na jambo hilo, kwa kuwa nukta zake zote ziko kwenye mstari mmoja, iname simu itakavyoinama.

Alipokuja kwenye kipindi nilichukua daftari nikapima kwa rula. Kitu sm 4.5 kutoka kwenye lenzi, taswira sm 9 kasoro milimita moja. Kwa kipimio chake ni sm 22.5 na sm 44.5. Mchoro ulikuwa mzuri tangu mwanzo. Picha ndiyo iliyokuwa inapotosha.

Nimeiweka kwenye Python ili nisirudie kikokotoo kwa kila daftari:

```python
def taswira(kitu, F_kushoto, O, F_kulia, f_sm):
    Pu = O - kitu
    p2 = O - F_kushoto
    p1 = F_kulia - O
    a = (1/p1 + 1/p2) / 2
    b = (1/p2 - 1/p1) / 2
    Pv = 1 / (a - 1/Pu)
    u = f_sm * a / (1/Pu - b)
    v = f_sm * a / (1/Pv + b)
    return O + Pv, u, v

print(taswira(1276, 1504, 1904, 2244, 15))
```

Inatoa namba tatu: taswira itafutwe kwenye pikseli ya 2790, u ni 22.51, v ni 44.96. Kwenye programu b inabeba alama yake, kwa hiyo simu ikiinamia upande wowote haijalishi. Kitu kikiwa juu ya F kabisa programu itakataa kugawanya kwa sifuri au itatoa v kubwa kupita kiasi, na ina haki: miale hutoka sambamba na haikutani.

Gharama hadi hapa: bando la intaneti la kupokea dokumenti, basi. GIMP na Python ni bure.

23 Machi 2025: kitu kikiwa ndani ya fokasi

Nilitaka kuona kama njia inashika taswira isiyo halisi. Mchoro wa mwanafunzi mwingine, lenzi ileile ya sm 15, kitu kiko sm 10. Kwenye picha F ya kushoto iko pikseli 350, ya kulia 362, kitu kiko 235. Simu ilikuwa karibu sawa, imeinama kidogo kwa upande wa pili.

Hesabu inatoa v ya pikseli −692. Hasi maana yake upande uleule wa kitu. Kwenye picha, mistari ya vitone aliyorefusha kinyumenyume inakutana pikseli 689 kushoto mwa lenzi. Baada ya kunyoosha, v ni sm −30.1, jibu la swali ni −30. Sikubadilisha chochote kwenye programu. Hapa kitu na taswira viko upande mmoja, kwa hiyo vyote vimeguswa na b kwa namna ileile. Ila v ni hasi, na alama hiyo ndiyo inayofanya b zifutane.

29 Machi 2025: tegemea jibu hadi wapi

Swali la mwalimu mwenzangu: ukikosea pikseli moja kusoma F, jibu linapotoka kiasi gani? Kwa kanuni yenyewe, kosa dogo la f hukuzwa kwa (v/f) mara (v/f), na kosa dogo la u kwa (v/u) mara (v/u). Kwenye mchoro wa kwanza hiyo ni mara 9 kwa f na mara 4 kwa u. Kwa hiyo F ndiyo nukta ya kuisoma kwa uangalifu kuliko zote.

Nukta ya F ya binti yule ni doa la kalamu. Ukisoma pikseli 3 pembeni mwa kati yake, na ukafanya hivyo kwa F zote mbili kwa kuelekea nje, f imekosewa kama sm 0.12, na kwa kanuni hiyo, u ikibaki ileile, v inahama zaidi ya sm 1. Yaani jibu la haki ni sm 45, na ukipata 44 au 46 usigombane na mtoto. Sasa nasoma ukingo wa kushoto wa doa, nasoma ukingo wa kulia, nachukua katikati. Inaongeza nusu dakika.

Kitu kikisogea karibu na F hali inakuwa mbaya haraka. Kwa u ya sm 17, v ni sm 127.5, na kosa la f linakuzwa mara 72. Mchoro wa namna hiyo hautoshi hata kwenye ukurasa, lakini kuna anayechora nusu yake na kuniuliza taswira iko wapi. Kwa picha namjibu "mbali sana, upande wa pili", na namba naitoa kwenye swali lake, siitoi kwenye pikseli.

6 Aprili 2025: ukurasa uliopinda

Njia imeshindwa kwenye picha moja, na naona itashindwa kwa zote za aina yake. Daftari nene, mchoro uko ukurasa wa kulia, na upande wa kushoto wa mchoro unaingia kwenye mshono ambako karatasi inabinuka. F ya kushoto pikseli 352, ya kulia 338. Ukiangalia hizo tu, utasema simu iliinama kidogo na utaendelea.

2F ndiyo iliyoniokoa. Kinyume cha 2F, kwa mchoro ulio bapa, ni nusu ya wastani, kikipungua au kuzidi b. Hapa wastani ni 2.8997 na b ni 0.0588. Kushoto: 1.4499 − 0.0588 = 1.3911, yaani 2F inapaswa kuwa pikseli 719. Kwenye picha iko 671. Pikseli 48 zimemezwa na mshono. Kwa kulinganisha, kwenye picha ya kwanza 2F zilipaswa kuwa 1027 na 2537, nami nilisoma 1029 na 2535.

Nilifikiria kutumia 2F kama nukta za ziada za kunyoosha mpindo, nikaacha. Mpindo wa karatasi haufuati kanuni moja kama mwinamo wa simu. Nukta tano haziwezi kusema karatasi ilibinuka vipi kati yao, na kitu kiko katikati ya hapo. Dalili nyingine ya haraka ni kuweka ukingo wa karatasi kwenye skrini kando ya mhimili: ukiona mhimili umejikunja, usipime.

Kuna hali moja nyingine ya kuangalia kwenye 2F: mwanafunzi aliyechora F zenyewe kwa umbali tofauti, halafu akapata 2F kwa kuongeza umbali uleule kwa bikari. Kushoto 2F itakuwa mara mbili kamili ya F ya kushoto, na kulia vilevile. Picha ikiwa imeinama kweli, mara mbili hiyo haitokei: kwenye picha ya kwanza F ya kushoto ni 400 na 2F ni 875, si 800. Kwa hiyo ukikuta F hazilingani na bado 2F ni mara mbili kamili kila upande, tatizo liko kwenye kalamu, si kwenye simu, na kunyoosha kutaharibu zaidi.

Maagizo ninayowapa sasa kabla ya kutuma: chora kwenye karatasi moja iliyotolewa daftarini, ilaze mezani, weka F na 2F pande zote mbili kwa nukta ndogo ya penseli iliyochongwa, andika f ya swali pembeni. Simu ikiinama si neno. Karatasi moja ya A4 kwa fundi wa fotokopi hapa mtaani ni shilingi 100, na wengi wanachana tu katikati ya daftari.

Kinachofuata ni lenzi mbonyeo. F zake zina kazi tofauti na f ni hasi, lakini b inapaswa kutoka kwenye F zilezile mbili; nitaongeza tarehe nikipata picha ya kujaribia.